Paa linavuja, baba mwenye nyumba hajibu: barua ya sasa iandikwe hivi

*"Nimepanga nyumba Tabata, vyumba viwili na sebule, nalipa kodi ya miezi sita sita. Tangu Machi paa la chumba cha watoto linavuja na maji yanapita kwenye taa ya darini. Nimempigia Mzee mara nne, nimemtumia picha WhatsApp. Anasoma, hajibu, au anasema 'fundi anakuja'. Kodi yangu inaisha mwisho wa Julai. Shemeji ananishauri nimtishie kwamba nitamsemea TRA. Sitaki ugomvi wala kufukuzwa, lakini nimechoka. Nimwandikie nini sasa?"*

Dada, kabla ya barua kuna taa. Usiku wa leo usiiwashe, hata kama dari inaonekana kavu. Nenda kwenye boksi la breka uzime breka ya taa za upande huo. Ikiwa nyumba nzima iko kwenye breka moja, mwite fundi umeme aitenganishe waya ya chumba hicho kwa muda. Maji yakishaingia darini hukaa juu ya jipsamu siku kadhaa bila kudondoka, na viungo vya waya vilivyofungwa kwa tepu tu vikilowa vinaweza kupeleka umeme mahali usipotarajia. Watoto walale sebuleni. Risiti ya fundi huyo usiitupe, itakuwa na kazi.

Sasa tuje kwa Mzee. Kwa miaka niliyokaa kama msaidizi wa kisheria, nikisikiliza wapangaji na wenye nyumba mezani pamoja, nimeona kwamba simu nyingi hazifanyi kazi kwa sababu moja. Kila simu huanza upya, na kila simu huishia pale mwenye nyumba anaposema "fundi anakuja". Mpangaji anashukuru, anakata simu, na kwa mwenye nyumba jambo limekwisha. Hajavunja ahadi yoyote, kwa sababu hakutaja siku wala wewe hukumtajia. Ndiyo maana hatua yako inayofuata isiwe simu ya tano yenye sauti kali zaidi. Iwe karatasi moja inayokusanya hizo simu nne, inayotaja tarehe, na inayosema kwa utulivu utafanya nini tarehe hiyo ikipita.

Kabla hujaiandika, jiridhishe kwamba hili kweli ni jukumu lake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 88, inaweka wajibu wa mwenye nyumba ndani ya mkataba wa pango hata kama karatasi mliyosaini haikuutaja. Nyumba au chumba cha kuishi kinapaswa kufaa kukaliwa na binadamu siku mnapoanza, na kiendelee kufaa muda wote wa pango. Na pale unapokuwa umepangishwa sehemu tu ya jengo, paa, kuta kuu za nje na mifereji mikuu ya maji ni vyake kuvitunza. Kisome tena mkataba wako. Ile mikataba ya kununua steshenari huwa na mstari unaosema "matengenezo madogo madogo ni ya mpangaji", na wenye nyumba wengi huutoa mfukoni siku kama hii. Kitasa, glopu, mpira wa bomba linalodondosha, hayo ni madogo. Paa linaloshusha dari si dogo. Ila kama mkataba wako umeandika waziwazi kwamba paa ni juu yako, usiitume barua hii. Mpelekee kwanza msaidizi wa kisheria ausome huo mkataba.

Jambo jingine ni chanzo cha maji, maana hapo ndipo utetezi wa mwenye nyumba huzaliwa. Swali la kwanza atakalouliza mwenyekiti wa mtaa ni hili: umejuaje kwamba ni paa? Kama maji yanadondoka hata siku ya jua kali, mara nyingi ni tangi au bomba la darini, si bati. Kama yanaingia mvua ya upepo tu, tazama kofia, yaani bati la kileleni, na pembeni mwa paa. Kama yanaingia kila mvua na doa linaanzia sehemu ileile, mara nyingi ni tundu la msumari uliopoteza mpira wake au bati lililooza pale linapopishana na jenzake. Kisha jiulize kwa uaminifu: kuna fundi wa dishi aliyepanda juu ya chumba hicho kwa kazi yako? Niliwahi kukaa kwenye kikao ambacho mpangaji alikuwa na picha ishirini za dari na hakuwa na hata moja ya juu. Mwenye nyumba akaonyesha picha moja tu, ya nguzo ya dishi la mpangaji imesimama katikati ya bati lililotoboka. Kikao kiliisha dakika ile. Mlipe fundi bati apande, apige picha, na aandike kwenye karatasi yenye jina na namba yake mambo mawili: tatizo ni nini na makadirio ni kiasi gani.

Fanya hivyo haraka, maana masika ya Dar es Salaam hulegea mwishoni mwa Mei. Juni ikifika paa halitavuja tena, Mzee atasema limepona lenyewe, na utakuja kukumbuka barua hii mvua za vuli zitakapoanza. Piga video maji yakiwa yanadondoka, na saa ya ukutani au simu nyingine ionekane.

Barua yenyewe isizidi ukurasa mmoja. Tarehe nilizoweka hapa ni za mfano, weka zako.

> Tabata, Dar es Salaam
> 12 Mei 2025
>
> Kwa: (jina la mwenye nyumba kama lilivyo kwenye mkataba)
>
> YAH: MATENGENEZO YA PAA LA CHUMBA CHA WATOTO
>
> Shikamoo Mzee.
>
> Mimi ni mpangaji wako kwa mkataba unaoanzia tarehe 1 Februari 2025 hadi 31 Julai 2025. Kodi yote ya kipindi hiki nimeshalipa.
>
> Paa la chumba cha watoto linavuja tangu tarehe 18 Machi 2025. Nilikupigia simu siku hiyo, nikakutumia picha tarehe 19 Machi, nikapiga tena tarehe 2 Aprili, 22 Aprili na 5 Mei. Tarehe 2 na 22 Aprili uliniambia fundi anakuja. Hadi leo hajafika.
>
> Kwa sasa maji yanaingia kila mvua inaponyesha na yanapita kwenye taa. Dari imeanza kushuka, eneo la karibu mita moja. Taa nimeizima na watoto wamehama chumba hicho. Fundi bati aliyepanda tarehe 10 Mei ameona mabati mawili yameoza kwenye mapishano. Maelezo yake nimeyaambatanisha pamoja na picha nne.
>
> Naomba mambo mawili. La kwanza, waya za chumba hicho zikaguliwe na fundi umeme kufikia Alhamisi tarehe 15 Mei. La pili, paa litengenezwe kufikia Jumatatu tarehe 26 Mei. Nipo nyumbani siku za kazi kuanzia saa 11 jioni, na Jumamosi kutwa. Nikijulishwa siku moja kabla, nitaacha ufunguo kwa jirani saa yoyote.
>
> Ikiwa tarehe 26 Mei itapita kabla paa halijatengenezwa, na hatujakubaliana tarehe nyingine, tarehe 27 Mei nitaiomba ofisi ya serikali ya mtaa ituite sote wawili. Ningependa zaidi tulimalize mimi na wewe.
>
> Wako mpangaji,
> (jina, saini, namba ya simu)

Ukiisoma utaona haina neno la hasira, na nimelifanya hilo kwa makusudi. Hakuna "umenipuuza", hakuna "hujali", hakuna "wenye nyumba wa siku hizi". Kuna "hadi leo hajafika". Msomaji wa pili wa barua hii, yaani mwenyekiti au mjumbe wa baraza, akifika kwenye maneno hayo atajua mwenyewe kwamba umepuuzwa. Wewe ukiliandika neno hilo, Mzee anapata la kubishia: mwanangu alikuwa anaumwa, simu ilikuwa mbovu, sikukusudia. Tarehe 2 Aprili haina la kubishia.

Shikamoo iache palepale. Wapo wanaoniambia kwamba barua kali haianzi na shikamoo, nami siwaelewi. Huyo ni mtu mzima, na heshima haikupunguzii haki hata moja. Halafu barua hiyo itasomwa kwa sauti mbele ya watu, na kwa mila zetu anayeanza kwa kuamkia husikilizwa kwa sikio jingine.

Tarehe nimetenganisha mbili kwa sababu hatari si moja. Umeme ni wa siku tatu, maana unaweza kuua mtu. Paa ni la wiki mbili, maana fundi wa kweli anahitaji kuja kupima, kununua bati na kusubiri siku isiyo na mvua. Ukimpa siku tatu kwa vyote, mwenyekiti atakuona wewe ndiye mkorofi. Ukimpa mwezi, umemwambia kwamba si jambo la haraka. Na ule mstari wa ufunguo usiufute, kwa sababu jibu la kawaida la mwenye nyumba aliyebanwa ni kwamba fundi alikuja akakuta kumefungwa.

Sasa la shemeji yako na TRA. Namheshimu, ila hapo amekosea, na nitaeleza kwa nini maana wengi wanakwama hapohapo. Aya ya mwisho ya barua inataja hatua utakayochukua. Kwa nini hiyo si kitisho na ile ya TRA ni kitisho? Kwa sababu serikali ya mtaa inahusika na paa. Ni mahali pa kwenda mtu mwenye mgogoro na mwenye nyumba wake, na hatua hiyo itamaliza kero yenyewe. Kodi ya Mzee kwa serikali haihusiani na bati lililooza. Ukimwambia "tengeneza au nakusemea", unauza ukimya wako kwa bei ya paa. Akitengeneza, utakuwa umekubali kuficha unachodai ni kosa. Asipotengeneza, atakwenda yeye mtaani kushtaki kwamba unamtisha, na ujumbe wake ataushika mkononi. Kuanzia hapo kikao kitazungumzia ulimi wako badala ya paa. Vivyo hivyo "nitakuanika mtandaoni", "nina ndugu polisi", na hata "utanitambua", ambayo wengi huiandika wakiwa wamekasirika saa tano usiku.

Kipimo changu ni chepesi. Kila unapoandika "ikiwa hukufanya hivi, mimi nitafanya hivi", jiulize kama hicho utakachofanya kinatengeneza paa, na kama kweli utakifanya asubuhi ya tarehe uliyoitaja. Hatua ambayo huna nia ya kuichukua usiiandike kabisa. "Nitakupeleka mahakamani" imeshaandikwa mara nyingi na watu wasiojua hata mahakama gani, na wenye nyumba wanalijua hilo. Mtu anayesema atakwenda serikali ya mtaa tarehe 27 na tarehe 27 akaonekana pale saa 2 asubuhi, huyo ndiye anayejibiwa.

Barua ichapwe nakala mbili. Mpelekee mkononi, naye aandike kwenye nakala yako "nimepokea", tarehe na saini. Asipotaka kusaini, usibishane wala usimwachie mtoto wake mlangoni. Rudi na mjumbe wa shina au jirani mtu mzima, ikabidhi mbele yake, kisha huyo shahidi aandike kwenye nakala yako kwamba ameona ikikabidhiwa siku fulani. Kama Mzee anaishi mkoani, tuma kwa posta ya rejista na utunze stakabadhi. Vyovyote iwavyo, ipige picha uitume pia WhatsApp, pale pale penye ujumbe wa zamani. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe wa simu kutumika kama ushahidi, lakini linalopimwa ni kama unaaminika, yaani ulitunzwaje na umetoka kwa nani. Usifute mazungumzo, zima ujumbe unaojifuta, na unapopiga picha za skrini hakikisha namba yake inaonekana, si jina "Baba Mwenye Nyumba" ulilomwandika wewe.

Angalia pia unamwandikia nani. Barua hupelekwa kwa aliyesaini mkataba kama mpangishaji, hata kama dalali ndiye aliyekuonyesha nyumba na hata kama binti yake ndiye anayepokea kodi. Kama nyumba ni ya marehemu na kodi inagombaniwa na ndugu, muulize msimamizi wa mirathi ni nani. Nimeshaona mpangaji akihangaishwa miezi kwa kuandikiana na mtoto ambaye hakuwa na mamlaka ya kununua hata msumari.

Baada ya barua, mara nyingi simu italia siku hiyohiyo au kesho yake. Mzee atakuwa na hasira kidogo: "Mwanangu, mambo ya barua ya nini, si ungenipigia tu?" Usimkumbushe zile simu nne, zimo kwenye barua. Sema, "Samahani Mzee, niliogopa kusahau tarehe. Fundi anaweza kuja lini?" Akitaja siku, shukuru, na mkimaliza tu umtumie ujumbe: "Mzee, kama tulivyozungumza leo, fundi atakuja Alhamisi tarehe 22 Mei asubuhi. Nitakuwepo." Huo ujumbe mfupi ndio unaogeuza "fundi anakuja" kuwa ahadi yenye siku. Alhamisi ikipita, unatuma mwingine jioni ileile, bila lawama: "Mzee, fundi hajafika leo. Tarehe yetu ya 26 bado ipo?" Wapangaji wengi huandika barua nzuri halafu hunyamaza wiki mbili wakisubiri. Usinyamaze, na usitume kila siku pia. Mmoja kila tarehe inapopita unatosha.

Fundi akija, usisaini kwamba kazi imekwisha kwa kuangalia tu. Mafundi wengine hupaka lami juu ya tundu na kushuka. Mwombe amwage maji kwa mpira juu ya paa, aanze chini karibu na mwisho wa bati akipanda taratibu kuelekea kwenye kofia, dakika 10 hadi 15 kila sehemu, nawe uko ndani na tochi unatazama. Akianza juu, maji yatashuka kote na hutajua penye tundu. Yakiingia, mnajua pa kurudia siku hiyohiyo.

Au Mzee atasema: "Sina hela sasa hivi, tengeneza wewe tutakatana kwenye kodi." Hilo ni jibu zuri, lakini likibaki mdomoni ni mtego. Tuseme makadirio ni bati nne za shilingi 30,000, kofia mbili za 15,000, misumari 10,000 na ufundi 80,000, jumla shilingi 240,000. Kabla hujatoa hata shilingi, andikeni karatasi moja inayotaja kazi hiyo, kiwango hicho cha juu, na kwamba kitapunguzwa kwenye kodi ya miezi fulani, kwa mfano 80,000 kila mwezi kwa Agosti, Septemba na Oktoba. Wote msaini. Na kwa kuwa miezi hiyo iko nje ya mkataba wako wa sasa, karatasi iseme pia kwamba usipoendelea kupanga atakurudishia fedha ifikapo 31 Julai. Mstari huo watu huusahau. Nunua dukani penye risiti, na ile risiti ya fundi umeme iingie humo pia kama amekubali.

Bila karatasi hiyo, usikate kodi na usiizuie. Najua utaambiwa na wengi uizuie, na najua inavyouma kulipia chumba kisicholalika. Lakini kulipa kodi ni wajibu wako kwa Sheria ileile ya Ardhi, na mwenye nyumba kushindwa wajibu wake hakufuti wa kwako kwa uamuzi wako mwenyewe. Kijana mmoja wa Temeke alinijia na jambo zuri kuliko lako: ukuta ulikuwa umepasuka, picha zipo, ujumbe upo. Alikuwa amezuia kodi ya miezi miwili kumkomoa mwenye nyumba. Tulipofika kwenye usuluhishi, aliyekuwa mlalamikaji alikuwa mwenye nyumba, na ukuta ukawa jambo la pili. Wewe umeshalipa hadi Julai. Hiyo ndiyo nguvu yako kubwa, ndiyo maana nimeiweka aya ya kwanza ya barua.

Tarehe 26 ikipita kimya, tarehe 27 nenda ofisi ya serikali ya mtaa ulivyosema. Beba mkataba, risiti za kodi, nakala ya barua iliyopokelewa, picha na karatasi ya fundi. Mweleze mwenyekiti au mtendaji kwa dakika tano, kwa mpangilio wa tarehe. Wao si mahakama, hawawezi kumwamuru Mzee aezeke. Wanachoweza ni kuwaita wote, na mara nyingi kuitwa tu kunatosha, maana Mzee anaishi na hao watu. Omba makubaliano yaandikwe na yasainiwe na kila upande, yakiwa na tarehe ya kumaliza kazi. Asipokuja, omba ofisi ikuandikie barua inayosema aliitwa siku fulani na hakufika. Kama ingekuwa shimo la choo linalotapika uani ningekupeleka pia kwa bwana afya wa kata, ambaye Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa nguvu ya kutoa ilani ya kuondoa kero. Kwa paa, njia yako ni ya mabaraza.

Baraza la kwanza ni la kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata halitoi hukumu kwenye migogoro hii, linasuluhisha tu, na lina siku 30 tangu jambo lilipofunguliwa. Wakili haruhusiwi kuwakilisha mtu humo, kwa hiyo utasema mwenyewe, na ile barua ya ukurasa mmoja ndiyo hotuba yako. Mkishindwana, baraza linakupa hati ya kuthibitisha kwamba usuluhishi umeshindikana, nayo ndiyo unayoipeleka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo ndilo lenye uwezo wa kuamuru. Siku 30 zikipita bila suluhu unaweza kwenda wilayani hata bila hati. Hapo mkataba wako utatazamwa pia kama umelipiwa ushuru wa stempu, maana usiolipiwa hukataliwa kama ushahidi hadi ulipiwe, na faini inaweza kuongezeka. Lifanyie kazi hilo mapema. Huna fedha za wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watoa msaada wa bure, na hapo Dar es Salaam wapo, mathalani Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, na kituo cha WLAC kwa wanawake.

Umesema unaogopa kufukuzwa, nami sitakuficha. Hadi 31 Julai, kwa kuwa umelipa na hujavunja mkataba, kulalamika kwako kuhusu paa hakumpi haki ya kukutoa. Akibadilisha kitasa au kung'oa mlango, piga picha, na siku hiyohiyo uende serikali ya mtaa na baraza. Lakini baada ya 31 Julai ana hiari ya kutokuongezea mkataba. Sheria iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, ilifutwa mwaka 2005, na hakuna tena chombo kitakachomlazimisha akuongezee. Kwa hiyo barua hii iende wiki hii, ungali na zaidi ya miezi miwili uliyokwisha kuilipia, isisubiri wiki ya mwisho ya Julai ambapo kila neno lako litasikika kama la mtu anayetafuta kupunguziwa kodi.

Na ikifika Julai paa bado bovu lakini Mzee anataka uendelee, usilipe miezi sita mipya kwa ahadi ya mdomo. Mwambie kwa adabu uko tayari kusaini siku paa litakapokuwa limemwagiwa maji na halikuvuja, au siku mkataba mpya utakapokuwa na mstari wenye tarehe ya kulitengeneza. Hapo hujazuia kodi ya mtu, maana mkataba mpya bado haujaanza. Anza pia kutafuta nyumba nyingine kimya kimya kuanzia mwishoni mwa Juni, ili utakapomwambia hivyo usiwe unabahatisha.

Ningekuwa wewe, kesho ningempandisha fundi bati asubuhi kabla mvua haijaanza, na jioni ningeandika.